Barua ya kazi kwa Kivietinamu: futa hicho cheo kabla hujatuma

> "Wakuu, nina miaka sita kiwanda cha nguo EPZ Mabibo, mitatu ya mwisho ni supavaiza wa laini. Nimeona tangazo la kiwanda cha nguo Bình Dương, wanatafuta *giám sát sản xuất* na wageni wanaruhusiwa kuomba. Wakala kanipa barua ya mfano kwa Kivietinamu, nijaze jina na tarehe tu. Kwenye cheo imeandikwa *quản đốc*, anasema ndiyo supavaiza. Iwe kurasa ngapi? Mshahara nitaje? Picha niweke?"

Usitume hiyo barua. Hata kama umeshalipia, usitume.

*Quản đốc* si supavaiza wa laini. Kwenye kiwanda cha nguo Vietnam, anayesimamia laini moja anaitwa *chuyền trưởng*, na sehemu nyingine *tổ trưởng*. Huyo ndiye wewe. *Quản đốc* ni mkuu wa karakana nzima: laini zote ziko chini yake, ma-*chuyền trưởng* wote wanaripoti kwake, na mara nyingi ana naibu. *Giám sát sản xuất* iliyo kwenye tangazo ni msimamizi wa uzalishaji, na ukubwa wake kila kampuni inaupanga yenyewe. Kwa hiyo wakala wako amekupandisha cheo bila kukuongezea hata shilingi. Ukarimu wa namna hiyo ninaujua, hela yangu nayo ilishapita mikononi mwa watu wa aina hiyo. Faili ni lile lile, wanabadilisha jina la mteja tu.

Usiseme ni neno tu, watanielewa. Hasara inakuja kwa hatua, na ya kwanza ndiyo ndogo. Ofisa ajira anasoma *quản đốc* kwenye barua, anafungua wasifu wako, anakuta supavaiza wa laini moja. Hapo ama anakuona mwongo, ama anadhani barua si yako. Akikupuuza, umepoteza barua moja, maisha yanaendelea.

Hatari ni asipokupuuza. Sheria ya Kazi ya Vietnam ya mwaka 2019 inaruhusu kampuni kuajiri mgeni kwenye nafasi za aina nne tu: meneja, mkurugenzi mtendaji, mtaalamu na fundi, tena pale ambapo Wavietinamu hawawezi kukidhi mahitaji ya nafasi hiyo. Supavaiza hayumo kwa jina. Lazima aingizwe kwenye mojawapo, na asiye na digrii kwa kawaida anaingia kama fundi, *lao động kỹ thuật*. Amri ya serikali namba 219/2025, iliyoanza kutumika tarehe 7 Agosti 2025, inataka fundi awe amesomea kazi angalau mwaka 1 na kuifanya angalau miaka 2, au kama hana mafunzo hayo, awe na uzoefu wa angalau miaka 3 unaoendana na nafasi anayoombewa. Zamani njia hiyo ya pili ilidai miaka 5, kwa hiyo ukikuta makala inayosema 5, ni ya kanuni za zamani.

Shika hayo maneno "unaoendana na nafasi". Barua yako yenyewe haiingii kwenye faili la kibali cha kazi. Kinachoingia ni cheo. Kampuni inakichukua kwenye mazungumzo yenu, inakiandika kwenye maombi ya kibali, halafu ofisa wa mamlaka ya mkoa anakiweka pembeni ya cheti chako cha uzoefu. Maombi yanasema mkuu wa karakana, cheti kinasema supavaiza wa laini. Miaka yako mitatu ya usimamizi, ambayo ndiyo imegusa kiwango bila ziada, inageuka kuwa miaka mitatu ya kazi nyingine. Faili linarudi. Wakati huo umeshalipia mihuri, umeshapima afya, pengine na notisi umeshampa mwajiri wako. Na wakala hapokei simu, yuko "kikaoni".

Kwa hiyo kanuni ni moja, nami sitachoka kuirudia: barua inaandikwa kutoka kwenye cheti cha uzoefu, si kutoka kwenye barua ya mtu mwingine. Anza na cheti. Hujakipata? Basi hata hiyo barua usiianze.

Nenda ofisi ya utumishi ya kiwanda chako, omba barua ya kuthibitisha uzoefu kwenye karatasi yenye nembo, sahihi na muhuri. Wanayoitoa kwa mazoea ina mistari miwili: fulani ni mfanyakazi wetu tangu mwaka fulani, tunamtakia mema. Hiyo haikusaidii kitu. Iwe na vipindi viwili vilivyotenganishwa, kila kimoja na tarehe zake: kuanzia lini hadi lini ulikuwa fundi cherehani, na kuanzia lini ni supavaiza wa laini. Chini ya kipindi cha pili waandike ulichosimamia: watu wangapi, nguo gani, kupanga kazi kwenye laini, kukagua ubora, kufundisha wapya. Watu wa utumishi wako bize, kwa hiyo waandikie rasimu uwapelekee, wao wahakiki na kugonga muhuri. Nakala hiyo ndiyo baadaye inathibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, inakwenda ubalozi wa Vietnam hapo hapo Dar kuhalalishwa, kisha inatafsiriwa Kivietinamu na tafsiri kuthibitishwa.

Na hapo kwenye tafsiri kuna shimo jingine. Cheti chako kitakuwa cha Kiingereza au Kiswahili. Mtafsiri asiyejua viwanda anaweza kuandika *giám sát chuyền*, au *chuyền trưởng*, au akachomeka *quản lý* ambayo inanuka umeneja, ngazi ambayo huna karatasi zake. Chagua jina moja la kazi uliyofanya, litumie kwenye barua na kwenye wasifu, kisha mtumie ofisa ajira na umwombe mtafsiri wao alitumie hilo hilo. Ni ujumbe wa mistari miwili.

Sasa barua yenyewe. Tuseme laini yako ina watu 40, mnashona polo, na muda wa kawaida wa kushona polo moja ni dakika 12. Zamu ya saa 8 ni dakika 480. Zidisha kwa 40, gawa kwa 12, unapata polo 1,600 kwa ufanisi wa asilimia 100, ambao haupo duniani. Kama ulipokea laini ikitoa 832, huo ni ufanisi wa asilimia 52. Kama sasa inatoa 1,008, ni asilimia 63. Hesabu hiyo mtu wa kiwanda wa nchi yoyote anaisoma bila mkalimani, na inafuta aya nzima ya "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi chini ya shinikizo" ambayo najua imo kwenye hilo faili lako. Weka namba zako, si hizi zangu:

```
Kính gửi: Phòng Nhân sự Công ty ...

Tôi xin ứng tuyển vị trí Giám sát sản xuất theo thông báo
tuyển dụng của Quý công ty.

Từ tháng .../... đến nay, tôi là chuyền trưởng chuyền may
áo polo tại một nhà máy ở Dar es Salaam, Tanzania, phụ trách
40 công nhân. Hiệu suất chuyền đã tăng từ 52% lên 63%.

Tôi chưa nói được tiếng Việt. Tôi làm việc bằng tiếng Anh.
Thư này do người khác giúp tôi soạn.

Tôi có giấy xác nhận kinh nghiệm của nhà máy và sẽ làm thủ tục
hợp pháp hóa lãnh sự khi Quý công ty yêu cầu.

Trân trọng,
```

Ona vyeo viwili vilivyokaa. Cha tangazo kimeandikwa kama kilivyo kwenye tangazo, herufi kwa herufi, kwa sababu ndicho unachoomba. Cha kwako ni kile cha cheti, kwa sababu ndicho unachoweza kukithibitisha. Havichanganywi. Na baada ya namba za laini ongeza sentensi mbili za jinsi ulivyopandisha huo ufanisi: ulihamisha nani kutoka operesheni gani, kola au plaketi ndiyo ilikuwa inakwamisha, kasoro zilipungua wapi. Hizo mimi siwezi kukuandikia, na wakala ndiyo kabisa, hajui plaketi na leso.

Ile aya ya lugha, inayosema bado hujui Kivietinamu na unafanya kazi kwa Kiingereza, usiiondoe kwa aibu. Mifano ya mawakala inapenda kuandika kwamba mwombaji anawasiliana vizuri kwa Kivietinamu. Halafu unapigiwa kwa Zalo, ile WhatsApp ya Wavietinamu, na mama wa utumishi anakusalimia, unabaki unatabasamu kwenye kamera. Fundi cherehani wa pale kwa kawaida anaongea Kivietinamu tu, na kampuni lazima ijue mapema kama itakuhitajia mkalimani kwenye laini. Ikishajua na bado ikakuita, umepona.

Angalia pia kama ndani ya mfano unajiita *em* sehemu moja na *tôi* sehemu nyingine. *Em* ni ya mdogo kwa mkubwa, na vijana wa kwao wanaitumia sana kwenye barua pepe za kazi, lakini mtu anayeomba kusimamia watu anakaa kwenye *tôi* mwanzo hadi mwisho. Kuchanganya ni alama kwamba barua imeunganishwa viraka.

Alama nyingine: fungua faili uone kichwa cha juu. Ukikuta kitu kama hiki,

```
Céng hoµ x· héi chñ nghÜa ViÖt Nam
```

hiyo si lahaja ya milimani. Ni maandishi ya mfumo wa zamani wa TCVN3 yaliyokosa fonti yake, maana yake mfano umezeeka kuliko simu yako. Tupa faili zima, andika upya kwa Unicode na utume PDF ili alama za juu ya herufi zisipotee njiani. Hicho kichwa chenyewe, chenye jina la Jamhuri ya Kisoshalisti ya Vietnam, ni cha fomu rasmi ya maombi, *đơn xin việc*. Kwenye barua ya kawaida hakihitajiki, isipokuwa tangazo limetaja fomu hiyo. Na kama mfano una anwani ya "tỉnh Bình Dương", kumbuka tangu tarehe 1 Julai 2025 Bình Dương imeunganishwa na Jiji la Ho Chi Minh na ngazi ya wilaya imefutwa nchi nzima. Nakili anwani iliyo kwenye tangazo lenyewe.

Cheti kikitoka, kabla hujaandika chochote, kibandike hapa ukiwa umefuta jina lako na la kiwanda. Nataka kuona hicho kipindi cha pili wamekiandikaje.