Picha iwe komiki: uso wa kijivu, laini chafu na vidoti vinavyopotea

Nilipiga picha ya makanga akining'inia mlangoni, nikaweka Posterize kwa GIMP. Matatu imetoka fiti lakini uso wa jamaa umekuwa kijivu na mabaka ya pinki. Ni simu yangu mbaya?

Zii, simu haina makosa. Posterize inachukua nyekundu, kijani na buluu inakata kila moja kivyake, na ukiweka 4 kila moja inabaki na nafasi nne tu: 0, 85, 170 na 255. Sasa chukua pikseli moja ya shavu lake, tuseme nyekundu ni 110, kijani 75, buluu 55. Zote tatu ziko karibu zaidi na 85, kwa hivyo zote zinakuwa 85, na hiyo ni kijivu tupu. Sogea kidogo penye jua limegonga, nyekundu ikifika 130 inaruka hadi 170 na wenzake wanabaki pale pale 85, ndio hiyo pinki yako. Grafiti ya matatu haisumbuki hivyo juu rangi zake ni kali, ziko mbali na hiyo katikati, lakini ngozi nyeusi inakaa hapo hapo penye mkato unapita.

Mimi usoni sitegemei Posterize ichague rangi. Kata uso na `Free Select`, uweke kwa leya yake, alafu `Colors > Desaturate`, `Gaussian Blur` ya pikseli 4 hivi kama picha ina upana wa 3000, ndio sasa Posterize 4. Unapata kijivu za aina nne. Shika `Select by Color`, weka threshold 0, bonyeza kijivu kimoja, jaza kahawia unayotaka wewe, kisha ingine. Hiyo blur usiiruke, bila hiyo utapata visiwa vidogo vidogo usoni mpaka uchoke.

Nikitumia Threshold, laini za wino zinatoka zikiwa na uchafu, ni kama mtu amemwaga majani ya chai juu ya picha.

Hizo ni chenga za kamera, sana sana kama ulipiga jioni. Threshold haijui chenga na nyusi ni vitu tofauti. Anza na kopi ya picha ya asili, itoe rangi, ipige `Median Blur` kidogo ndio chenga zilale. Duplicate hiyo leya, ya juu ifanye `Colors > Invert` kisha `Gaussian Blur` ya 8, weka mode iwe `Dodge`, alafu `Merge Down`. Utaona kitu kama mchoro wa penseli, na hapo ndio unaleta `Colors > Threshold`. Leya yenyewe iweke `Multiply` juu ya rangi. Ukitaka laini nene ongeza ile blur ya 8, usihangaike na Threshold.

Lakini ujue hiyo njia inakupa mipaka tu, vivuli inavila. Tengeneza leya ingine ya Threshold kutoka kwa kopi mpya ya kijivu ya picha ya asili, nayo pia iwe `Multiply`, uibane mpaka ibaki weusi wa chini ya kofia na ndani ya gari. Bila huo weusi mzito unabaki na kitabu cha watoto cha kupaka rangi.

Vidoti vyangu vimejaa uso mzima, jamaa anakaa mtu ana tetekuwanga.

Weka kwa toni moja tu, ile ya pili kutoka giza. Chukua kopi ingine ya kijivu ambayo haijapigwa Threshold, `Filters > Distorts > Newsprint`, chagua `Black on White`, `Circle`, angle 45 juu hapo jicho halioni mistari ya vidoti haraka, mode `Multiply`, na toni zingine zote zifiche na layer mask.

Poster ya A3 imeprintiwa River Road ikatoka poa sana, lakini nikipost hiyo hiyo Instagram vidoti vinageuka mawimbi ya ajabu.

A3 kwa 300 dpi ni pikseli 3508 kwa 4961. Period ya Newsprint ikiwa pikseli 12, kila inchi ina vidoti 25, yaani vimepangana milimita moja hivi, na karatasi inabeba hiyo bila shida. Ukipunguza hiyo picha ifike upana wa 1080, ile 12 inakuwa chini ya 4, na kidoti hakiwezi kuwa duara kwa pikseli tatu na kitu, kwa hivyo vinagongana na gridi ya skrini na kutoa mawimbi. Kuongeza sharpness hapo ni kuharibu zaidi.

Rudi kwa faili yenye leya, zima leya ya vidoti, punguza picha kwanza iwe 1080, ndio utengeneze vidoti vipya vya period 8 ama 10. Export PNG, juu JPEG inapaka matope kando ya kila kidoti, na ukimtumia mtu wa kuprinti ile ya A3 kwa WhatsApp itume kama document, ukiituma kama picha itapunguzwa tena na mtarudi hapo hapo kwa mawimbi.