Kwa nini mchana wa Masaka haurefuki kama wa Stockholm

Swali: Mdogo wangu anafanya kazi Stockholm, na kila mwezi Juni huniambia kwamba saa nne usiku ndipo jua linazama. Hapa Masaka sioni tofauti ya Juni na Desemba. Jua si ni moja?

Jibu: Ndugu msomaji, chukua chungwa, lichome njiti kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni, kisha lichore mviringo mmoja katikati, ndio ikweta, na mwingine juu karibu na kikonyo, ambao tutauita wa Stockholm. Usiku, ndani ya chumba chenye giza, weka tochi umbali wa mita mbili au tatu na ulimulike. Ukiisogeza tochi karibu mno, itamulika chini ya nusu ya chungwa na jaribio litakudanganya. Utalitambua kosa hilo ukipima kwa uzi na kukuta sehemu yenye mwanga kwenye mviringo wa katikati haifiki nusu.

Njiti ikisimama wima, mpaka wa nuru na giza hupita kwenye ncha zote mbili na kuigawa miviringo yote nusu kwa nusu, kama ilivyo Machi na Septemba. Sasa inamisha njiti kuelekea kwenye tochi kwa nyuzi 23.4, ambao ndio mwinamo wa mhimili wa dunia, na hapo umefika Juni. Mpaka wa nuru umeziacha ncha, lakini bado umelizunguka chungwa kwa kulipasua katikati kabisa. Ikweta nayo ina kitovu hichohicho, na miviringo miwili yenye kitovu kimoja na upana mmoja haina budi kugawana nusu kwa nusu, hata ukiinamisha vipi. Mviringo wa Stockholm, ambao kitovu chake kiko juu zaidi, hukatwa pembeni, na sehemu yake kubwa hubaki kwenye nuru. Zungusha njiti polepole ukifuata nukta moja, nawe utaona mchana wake unavyokuwa mrefu kuliko usiku.

Sisi wapima ardhi hulikokotoa jambo hili kwa kanuni moja fupi:

```
cos H = -tan(φ) × tan(δ)
mchana = 2H / 15
```

Hapo H ni nyuzi ambazo dunia huzunguka kutoka adhuhuri ya jua hadi machweo, φ ni latitudo ya mahali, ambayo kusini mwa ikweta huwa hasi, δ ni nyuzi ambazo jua liko kaskazini mwa ikweta siku hiyo, na tunagawa kwa 15 kwa sababu dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa. Tarehe 21 Juni δ ni 23.4. Masaka iko nyuzi 0.34 kusini, ambazo tanjenti yake ni -0.006 tu, kwa hiyo mchana hutoka saa 11 na dakika 59. Stockholm iko nyuzi 59.3 kaskazini, tanjenti yake ni 1.68, na mchana hutoka saa 18 na robo.

Tanjenti ndiyo yenye siri, kwa kuwa hupanda polepole karibu na ikweta, kisha hupaa. Ukisafiri kutoka Masaka hadi Gulu, takriban nyuzi 3, mchana wa Juni huongezeka kwa dakika 11 hivi, ilhali nyuzi 3 hizohizo kaskazini mwa Stockholm huongeza saa moja na zaidi. Ukipita nyuzi 66.6 kaskazini kanuni haitoi jibu tena, kwa maana siku hiyo jua halizami kabisa.

Saa za kweli huzidi kidogo hesabu hii, kwa sababu tunaanza kuhesabu mchana pale ukingo wa juu wa jua unapochungulia, na hewa hupinda miale yake kiasi cha kulionyesha jua kabla halijafika kwenye upeo. Masaka, ambako jua huzama karibu wima, nyongeza ni dakika 7. Stockholm, ambako huteremka kwa mshazari, hupita dakika 20.

Ukianza kuandika saa za macheo, hata hivyo, utashangaa. Mwanzoni mwa Novemba jua la Masaka huchomoza takriban saa 12 na dakika 33 asubuhi, lakini katikati ya Februari huchelewa hadi saa 1 na dakika 4. Wengi hudhani mchana umepungua, kumbe umesogea tu: dunia haiendi kwa kasi moja katika njia yake ya kulizunguka jua, na mwinamo uleule wa mhimili nao huchangia, hivyo adhuhuri ya jua hutangulia au kuchelewa ikilinganishwa na saa ya ukutani. Andika na machweo pia, ambayo Novemba huwa saa 12 na dakika 40 jioni na Februari saa 1 na dakika 11, kisha utoe. Mara zote mbili utapata saa 12 na dakika 7.