Nani alitangaza Jumamosi?

*Swali la wiki: Kikao kikiwa na watu wengi wenye shughuli, mwenyekiti apange tarehe mwenyewe au kundi lipige kura?*

Mimi ni wa mwenyekiti apange, na kilichonifikisha huko ni kamati ya harusi ya mdogo wetu hapa Moshi, Juni 2025.

Katibu aliweka kura kwenye kundi la WhatsApp siku ya Jumatatu: Jumamosi tarehe 7, Jumapili tarehe 8, Jumamosi tarehe 14, Jumapili tarehe 15. Mtu aliruhusiwa kuchagua zaidi ya moja, na hapo alifanya vizuri. Hadi Alhamisi, Jumamosi ya tarehe 14 ilikuwa na kura 16, Jumapili yake 15. Mjomba aliyeko Dar aliona hizo 16, akakata tiketi ya basi.

Ijumaa tukapata msiba Rombo, mazishi Jumamosi ya tarehe 14. Wanaohusika wakarudi kimya kimya kwenye kura wakabadilisha, Jumapili ikapanda hadi 18. Ubao wa kura haurudi chini ya mazungumzo namba zikibadilika. Ulikuwa umeshafunikwa na salamu za pole na picha za kadi, na katibu hakuandika neno, kwa kuwa aliamini kila mtu anaona. Mjomba alifika tarehe 14 na hoja zake zote za mahari, akakuta nyumba tupu, watu wako mazishini. Jumapili alfajiri akarudi Dar kuwahi kazi. Kikao kikakaa saa 8 mchana bila yeye, na bila mjomba hakuna kilichoamuliwa.

Bado linaniuma, kwa sababu mzee yule hakukosea popote. Alisoma matokeo ya siku aliyoyasoma.

Ila nikiandika hivi naona mwenyekiti asingejua zamu za nesi wetu, wala ibada ya pili inatoka saa ngapi. Kura ilitupa hayo. Ilichokosa ni mtu wa kuifunga. Angeandika tangu Jumatatu: "Tunafunga Alhamisi saa 3 usiku, mjomba na mweka hazina lazima wawepo." Ambao hawajapiga angewapigia simu, maana ukimya wa mtu hausemi ana nafasi. Kisha ujumbe mpya kabisa, aubandike juu ya kundi kwa siku 30: "Kura imefungwa. Kikao ni Jumamosi 14 Juni, saa 8 mchana, kwa baba mdogo, Kiboroloni. Tarehe nyingine tatu ziachieni." Hiyo sentensi ya mwisho watu huisahau, na huku mwenye daladala kashikilia siku nne hajui aachie ipi.

Basi kura iwepo, angalau kwa kikao cha kwanza. Vinavyofuata tupange tukiwa tumekaa pamoja. Na msiba ukiingia baada ya tangazo, mwenyekiti ahamishe tarehe mwenyewe, ampigie mjomba kwanza.