Betri mbili, taa moja: maswali yenu kuhusu makutano na kitanzi

Shikamoo mwalimu. Saketi ya betri moja naiweza, zikiwa mbili sijui mshale wa mkondo nauelekeza wapi. — Mwanafunzi wa kidato cha tano, Sengerema

Marahaba. Weka kikokotoo pembeni kwanza, shika penseli. Chora waya mmoja juu na mwingine chini, kisha simamisha matawi matatu kati yao. La kushoto lina betri ya volti 12 na rezista ya omu 1. La kulia lina betri ya volti 9 na rezista ya omu 1. La katikati lina taa, na tuihesabu taa hiyo kama rezista ya omu 10. Ncha chanya za betri zote mbili zielekee juu. Makutano ya juu yaite A, ya chini yaite B.

Mishale ielekeze utakako. Mshale hausemi mkondo unakwenda wapi kweli. Unasema tu ni upande upi umeamua kuuita chanya. Mimi nachora I1 ikipanda kutoka betri ya kushoto hadi A, I2 ikipanda kutoka betri ya kulia hadi A, na I3 ikishuka kupitia taa. Ukishaamua, pitisha kalamu ya wino juu ya penseli. Kwenye madaftari ninayosahihisha, anayekosea mwelekeo mwanzoni hapotezi kitu. Anayepotea ni yule aliyegeuza mshale hesabu ikiwa nusu njia.

Pale A chaji haina pa kulala. Inayoingia kila sekunde ndiyo inayotoka, kwa hiyo:

```
I1 + I2 = I3
```

Mwalimu, kwenye kitanzi alama zinanichanganya. Lini najumlisha, lini natoa? — Mama anayemfundisha mwanawe, Nyegezi

Dada, mtoe mwanao nje umwoneshe mlima. Mtu akipanda kutoka ufukweni hadi Bugando kisha akarudi ufukweni kwa njia nyingine, mita alizopanda na mita alizoshuka ni sawasawa, maana amerudi usawa uleule wa ziwa. Volteji ndiyo huo urefu wa mlima. Ukizunguka kitanzi kizima ukarejea ulipoanzia, jumla ya kupanda na kushuka ni sifuri. Gustav Kirchhoff aliziandika kanuni hizi mbili mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi kule Königsberg.

Sasa weka kidole kwenye mchoro, pale B, na utembee. Panda tawi la kushoto: kwenye betri unaingilia ncha hasi na kutokea chanya, umepanda volti 12, andika +12. Kwenye rezista kidole kinafuata mshale wa I1. Mkondo hushuka ndani ya rezista kama maji kwenye korongo, kwa hiyo ukiufuata unashuka nao: andika −1 × I1. Umefika A. Teremka kupitia taa ukifuata I3: −10 × I3. Umerudi B.

```
12 − I1 − 10·I3 = 0
```

Kitanzi cha kulia nacho anzia B, panda kupitia betri ya volti 9, teremka kupitia taa:

```
9 − I2 − 10·I3 = 0
```

Kwenye betri, angalia ncha unayoingilia, usijali mshale. Kwenye rezista, angalia mshale, usijali betri iko wapi. Kidole kikienda kinyume cha mshale wa rezista, unapanda, alama inakuwa ya kujumlisha. Makosa mengi ya alama hutokea mtu anapoangalia mshale kwenye betri.

Nimeandika na makutano B, na kitanzi kikubwa cha nje, lakini nikichanganya napata 0 = 0. — Wa Igogo

Hujakosea, umesema jambo moja mara mbili. B inarudia neno la A kutokea upande wa pili. Kitanzi cha nje nacho ni kile cha kushoto ukikitoa cha kulia. Jaribu, utaona taa inafutika. Mikondo isiyojulikana ni mitatu, milinganyo mitatu inatosha: mmoja wa A, miwili ya vitanzi.

Nimepata I2 = −1. Mwenzangu anasema mkondo hauwi hasi, nifute alama? — Kidato cha sita, Ilemela

Usiifute, hapo ndipo saketi inapokueleza siri yake. Tuhakikishe kwanza. Vitanzi vinatupa I1 = 12 − 10·I3, na I2 = 9 − 10·I3. Vipeleke kwenye A:

```
21 − 20·I3 = I3
I3 = 1,  I1 = 2,  I2 = −1
```

Alama ile inasema mkondo wa tawi la kulia unashuka, kinyume cha mshale wako. Betri kubwa inatoa ampea 2. Zikifika A zinagawana: ampea 1 inakwenda kwenye taa, ampea 1 inaingia kwenye ile betri ndogo kwa ncha yake chanya. Betri ndogo inachajiwa.

Kupima jibu, angalia wati. Betri ya volti 12 inatoa 12 × 2 = 24. Taa inakula 10, rezista ya kushoto 4, ya kulia 1, na betri ndogo inapokea 9 × 1 = 9. Jumla 24. Ukifuta ile alama, hata A yenyewe itagoma: 2 na 1 zingeingia, ikatoka 1.

Sisi wa dagaa tunaunga betri nzima na iliyochoka ili taa ikeshe. Mbona inaisha mapema kuliko nzima ikiwa peke yake? — Mvuvi, Kirumba

Pole kaka. Swali lako ni saketi hiyohiyo. Niliwahi kusimama mwaloni alfajiri mtumbwi ukitia nanga, nikaona betri mbili zimefungwa kwa kamba ya mpira, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, moja ubavu umevimba. Mwenyewe aliamini kila moja inabeba nusu ya mzigo.

Tuhesabu. Ukiacha betri nzima peke yake na taa, mkondo ni 12 ÷ 11, kama ampea 1.09. Ukiongeza iliyochoka, nzima inatoa ampea 2, na taa inapata ampea 1 tu. Betri nzima inakamuliwa karibu mara mbili, na mwanga umepungua.

Betri halisi za asidi zina ukinzani wa ndani mdogo sana kuliko ile rezista ya omu 1 inayousimamia katika mfano wetu, kwa hiyo mkondo unaovuja kwenda kwenye iliyochoka unaweza kuwa mkubwa zaidi mwanzoni, hadi waya upate moto. Taa za LED nazo si rezista tupu, hivyo namba zako zitatofautiana na zangu. Mwelekeo wa mambo haubadiliki.

Kabla ya kuunga, chukua mita. Washa taa kwa betri nzima peke yake, pima volti kwenye ncha za taa. Katika mfano wetu utasoma kama 10.9. Kisha pima iliyochoka ikiwa haijaungwa na kitu. Ikisoma chini ya namba ya kwanza, haitasaidia taa, itakunywa tu. Na kama umeshaunga, tazama volti za ile iliyochoka: zikipanda badala ya kushuka, mfano kutoka 9 hadi 10, ujue inalishwa na mwenzake. Ifungue, uibakize pwani.