Kodi ya miezi sita ikae akaunti ya nani?

Dar es Salaam mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wakati mshahara unaingia kila mwezi. Ndiyo maana tukiulizwa na wawili wanaoanza kuishi pamoja, tunaanza na kodi. Mengine yanafuata.

Tuseme mmoja anapata 1,200,000 na mwenzake 800,000. Kodi ni 300,000 kwa mwezi, chakula 400,000, umeme, maji na gesi 120,000, dharura 80,000. Jumla 900,000. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja anatoa 450,000. Mwenye 800,000 anabakiwa na 350,000, mwenzake 750,000, na hapo ndipo manung'uniko huanza. Wakichangia kwa uwiano wa mishahara, mmoja atatoa 540,000 na mwingine 360,000, yaani kila mtu asilimia 45 ya kipato chake. Kinachobaki kikae kwenye akaunti ya mtu mwenyewe, wala asiulizwe kakifanyia nini.

Kwa watu wa namna hii tunapendelea mchanganyiko. Akaunti ya pamoja ibebe kodi na dharura tu, 380,000 kwa mwezi. Ile 520,000 ya chakula na bili ikae kwenye simu ya anayenunua mahitaji. Ukichanganya fedha ya kodi na ya sokoni, mwezi wa tano utashangaa: salio linaonekana nono, mnajiachia, mwenye nyumba akipiga simu pamepungua laki nne. Dalili yake ni kwamba salio halipandi kwa 380,000 kila mwezi, ingawa wote mmechangia.

Mnapofungua akaunti, msiruke kipengele cha nani anatia saini. "Yeyote kati yetu" maana yake mmoja anaweza kutoa zote bila mwenzake kujua. "Wote wawili" inazuia hilo, lakini inakera kwa matumizi ya kila siku. Mmoja akisafiri, fedha imekwama. Kwa kodi inayotoka mara mbili kwa mwaka, usumbufu huo unavumilika, tena unasaidia. Wote wawili waandikishe namba zao za simu kupokea ujumbe wa miamala.

Jina lililo kwenye akaunti lina uzito pia kisheria. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachukulia kuwa mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja ni yake, na iliyo kwa majina ya wote ni nusu kwa nusu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo anayeweka akiba ya kiwanja kwenye akaunti ya mwenzake atunze risiti.

Kama mmoja ni mfanyabiashara, uwiano upangwe kwa alichopata mwezi uliopita. Makadirio ya mwezi ujao huwa matamu mno.