Picha za familia kwenye runinga: kata mwenyewe kabla runinga haijakukatia

Picha ya ukoo mzima iliyopigwa Machame wakati wa Krismasi, bibi ameketi katikati na wajukuu wamesimama nyuma, ikipandishwa kwenye runinga mara nyingi hutokea na vichwa vya waliosimama vimekatwa. Runinga haina kosa. Kamera nyingi za simu hupiga picha kwa uwiano wa 4:3, na kioo cha runinga ni 16:9. Picha ikilazimishwa kujaza kioo, lazima sehemu yake ipotee.

Tuseme ina pikseli 4000 kwa 3000. Ikijaa kioo hubaki 4000 kwa 2250, yaani robo ya kimo imekwenda. Runinga hukata katikati bila kujua bibi ni nani: 375 juu, 375 chini. Ukikata mwenyewe kwenye simu, chagua 16:9, kisha sogeza fremu ili zote 750 zitoke chini, kwenye nyasi na viatu. Hifadhi kama nakala, kwa sababu ile nzima utaihitaji siku ya kuichapisha.

Picha za wima ni tabu nyingine. Kwenye kioo cha 1920 kwa 1080, picha ya wima ya 3:4 huchukua upana wa pikseli 810 tu, na pembeni hubaki weusi. Usiikate; iunganishe na mwenzake. Mbili huchukua 1620, na kioo kinakuwa karibu kimejaa.

Ukungu wa nyuso kwa kawaida umetoka kwenye kundi la WhatsApp, ambako picha hupunguzwa inapotumwa. Kwa uso mmoja mkubwa hutaona tofauti, ila kwa watu ishirini na tano utaiona. Mwombe aliyepiga aitume tena kupitia `Document`, ifike kama ilivyo.

Zikiwa tayari, zipakie Google Photos kwenye albamu yake pekee. Usichague picha zote za simu, labda kama unataka wageni wa sebuleni Njiro wasome risiti zako za M-Pesa. Kwenye runinga ya Google TV ingia `Settings`, `System`, `Ambient mode`, kisha `Google Photos`. Albamu yenyewe unaichagua kwenye simu, kwa programu ya Google Home, ukitumia akaunti ileile iliyo kwenye runinga. Picha hutoka mtandaoni, kwa hiyo bando likiisha usishangae kuona zimetoweka.

Kioo kikizima baada ya muda, tazama `Energy Saver` ndani ya `System`. Hapo ndipo muda wa kuzima hupangwa. Kabla hujauondoa kabisa, piga hesabu ya LUKU: runinga inayokula wati 100 humaliza uniti 1 kila saa 10. Saa mbili au tatu jioni, wageni wakiwepo, zinatosha.