Sidiria imechomoza waya, duka linakataa

"Sidiria imechomoza waya siku ya kwanza. Duka linasema nguo za ndani hazirudishwi. Nifanyeje?"

Kanuni hiyo inamhusu aliyeghairi tu, kwa kuwa nguo iliyogusa mwili haiuzwi tena kwa mwingine. Yako ni mbovu, isingeuzika hata bila kuvaliwa, kwa hiyo hoja ya usafi haipo.

Usiushone huo waya, watasema umeiharibu mwenyewe. Piga picha ya karibu pale ulipotokea: mshono ulioachia huonyesha nyuzi zilizofumuka, ilhali mashine ya kufulia mara nyingi huacha waya umepinda. Nenda na risiti, useme "ina kasoro", kamwe usiseme "sijaipenda". Saizi isiyokutosha ni jambo jingine, isipokuwa lebo yenyewe imekosewa.